Kanda Nambari 2-14

Baba yangu si mtu wa kuomba. Nikimpelekea shati, anasema analo. Nikimpelekea redio mpya, anauliza ile ya zamani imemkosea nini. Kwa hiyo siku alipotimiza miaka themanini na kuniambia kuna kitu anakitaka, niliweka kikombe chini na kukaa vizuri.

"Nataka kusikia kanda nambari mbili, kistari, kumi na nne," alisema. "Mara moja tu. Halafu sitakusumbua tena."

Hilo neno kistari hajawahi kuliruka maishani mwake. Alikuwa mtunza kanda wa kituo cha redio kwa miaka thelathini na mmoja, na nambari zote za kanda alizitunga yeye. Mbele ya kistari, nambari ya rafu. Nyuma ya kistari, nambari ya kanda, tarakimu mbili kila mara. Mtu akimtajia "mbili kumi na nne" alijifanya hajasikia mpaka arudie sawasawa. Wenzake walimpachika jina la Mzee Kistari akiwa bado hana hata mvi moja. Nami nilipoajiriwa pale pale kuijenga na kuisimamia hifadhidata ya kituo, yaani orodha ya kanda iliyo kwenye kompyuta, sikupewa nafasi ya kujitambulisha. Siku ya kwanza tu mlinzi wa getini alinipokea kwa "Karibu, Binti Kistari," na ndivyo nilivyo mpaka leo.

Kanda 2-14 haikuwa na hotuba wala wimbo. Ilirekodiwa siku kituo kilipoletewa mashine mpya ya kurekodia, na Baba alihitaji sauti ya kuijaribia. Mama ndiye alikuwa opereta wa simu wa kituo, ghorofa ya juu. Baba akamwita ashuke asome chochote. Walikuwa wameoana miezi minne.

Mama alifariki miaka tisa iliyopita. Picha zake tunazo, na kanga zake ninazo kabatini kwangu, lakini sauti yake hatuna mahali pengine popote. Ndugu yangu, mtu husahau sauti. Nilikuwa nadhani haiwezekani, mpaka siku moja nilijaribu kumkumbuka akiniita kutoka jikoni, nikajisikia mimi mwenyewe ndiye ninayeita. Nililia siku hiyo kama mtoto.

"Hilo tu?" nikamwambia Baba. "Jumanne nakuletea."

Niliringa, sikufichi. Kutafuta kitu kwenye hifadhidata ile kwangu ilikuwa kazi ya kupepesa jicho.

Jumanne nikaandika 2-14, nikabonyeza. Mashine ikajibu haina kanda hiyo.

Nikaandika tena, polepole, kama mtu anayezungumza na kiziwi. Jibu likawa lile lile. Nikamwita mwenzangu wa chumba cha pili, mama mmoja mwenye miwani shingoni ambaye kazi yake ni kuandika maelezo ya kila kanda. Sisi tunamwita Mama Lebo. Akaja, akajaribu kwa mikono yake, akaguna.

"Hii mashine yako siku hizi ina kiburi," akasema. "Wiki ya tatu sasa. Kitu nakijua kipo, yenyewe inasema hakuna. Nilikwambia."

"Uliniambia mara moja."

"Nilikwambia mara mbili, na mara ya pili ulikuwa unakula."

Alikuwa amesema kweli, nami sikumsikiliza. Nilimwambia pengine kanda hiyo haikuwahi kuandikishwa. Mama Lebo ana huruma nyingi kuliko subira. Alipoona uso wangu umeshuka, aliketi akaiandikisha 2-14 upya, na mahali pa maelezo akaweka neno moja: Haipo. Alisema angalau nambari ya Mzee isikose nafasi yake kwenye orodha.

Mashine ikaipokea bila kinyongo. Hapo ndipo nilipokata tamaa, kwa sababu mashine ile ina amri ya kutokubali nambari moja mara mbili. Kama 2-14 ya kweli ingekuwemo, ingemkatalia Mama Lebo palepale. Ndivyo nilivyojiambia.

Sasa jambo baya zaidi ni hili. Kanda zenyewe, zile za kushika mkononi, hazipo tena. Ukungu ulizila, na kabla hazijaisha kabisa sauti zake zilihamishiwa kwenye diski, moja baada ya nyingine, kisha kanda zikatupwa. Kwenye diski kila sauti ni faili lenye mlolongo mrefu wa tarakimu usiomwambia mtu lolote. Ni hifadhidata peke yake inayojua kwamba mlolongo fulani ndio kanda fulani. Faili lisilo na mstari wake kwenye hifadhidata ni yatima.

Na yatima walikuwa na tarehe ya kufa. Diski ilikuwa imejaa hadi pomoni. Ilijaa kiasi kwamba tuliacha hata kuweka nakala ya akiba ya sauti, tukabaki na nakala ya orodha tu. Meneja akatoa agizo: Ijumaa saa sita mchana mafaili yasiyo na mwenyewe yafutwe, vipindi vya jioni vipate pa kukaa. Programu ya kusafisha niliiandika mimi. Ilichukua nambari zote, kuanzia rafu ya kwanza hadi ya arobaini, ikaiuliza hifadhidata moja moja kama ipo, ikaweka alama kwenye kila faili lililopatikana. Yaliyobaki bila alama yalikuwa elfu moja mia tatu na kumi na mawili. Nilidhani ni mabaki ya ule uhamishaji, maana kanda nyingine zilirudiwa mara tatu mpaka zikatoka vizuri.

Jumatano na Alhamisi nilikaa na vifaa vya masikioni nikisikiliza yatima. Nilisikia taarifa za hali ya hewa za siku ambazo sikuwa nimezaliwa. Nilisikia mpira ukitangazwa na mtu aliyepoteza sauti kabla ya kipindi cha pili. Kwaya ya shule fulani iliimba, na mtoto mmoja akawa anachelewa nusu pigo wimbo mzima, nikamwombea dua popote alipo. Nilifikia faili la tisini na moja. Kwa mwendo ule ningemaliza baada ya mwezi na zaidi.

Ijumaa asubuhi nikapiga moyo konde nikaenda kwa Baba. Sikutaka asikie kwa simu. Nilichapisha orodha ya rafu ya pili yote, kuanzia 2-01 hadi 2-99, ili aone kwa macho yake kwamba sikufanya uvivu.

Njiani nilimkumbuka alivyokuwa miaka ishirini nyuma, mwaka nilipoijenga ile hifadhidata. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na aliileta orodha yake ya mkono ofisini kwangu akiwa ameikumbatia. Hakuiachia mpaka nimweleze nambari zake zitalazwa wapi. Nikachukua karatasi ya ratiba ya vipindi ya zamani, nikaigeuza, nikamchorea upande mweupe.

"Diski ni nzito kusoma, Baba," nilimwambia. "Kila ukurasa unaoufungua unakula muda. Kwa hiyo ujanja ni kufungua kurasa chache. Huu wa juu kabisa tunauita mzizi. Una nambari chache tu za kuelekeza njia. Nambari unayoitafuta ikiwa ndogo kuliko hii, nenda kushoto. Ikiwa kubwa, nenda kulia. Unashuka ukurasa wa kati, nao unakuelekeza vilevile. Wa tatu ni jani, na kwenye jani ndiko nambari zenyewe zilikopangwa kwa mfuatano, kila moja na mahali sauti yake ilipo. Kurasa tatu tu, kati ya maelfu."

"Na jani likijaa?"

Nilipenda alivyouliza. Watu wengi huuliza kama mashine inaharibika.

"Linagawanywa katikati. Nusu inabaki, nusu inahamia ukurasa mpya, na nambari ya mpakani inapandishwa juu ili ielekeze njia. Ule wa juu nao ukijaa, unagawanywa hivyo hivyo. Hata mzizi ukijaa unagawanyika, na mzizi mpya unakaa juu yake."

Aliifuatisha kwa kidole. "Kwa hiyo huu mti unakua kwenda juu. Ndiyo maana majani yote yako umbali mmoja na mzizi. Hakuna kanda inayobaguliwa."

"Hakuna, Baba."

"Mti wa watu wenye akili," akasema, nami nikavimba kichwa kwa wiki nzima.

Kisha akaona alichokiona. Nilikuwa nimechapisha mfuatano wa nambari zake kama mashine ilivyoupanga. Baada ya 2-10 ilifuata 21-01, halafu 21-02, zikaendelea hivyo, ndipo ikaja 2-11. Alivua miwani.

"Umebomoa ukuta wangu."

Kwake kistari kilikuwa ukuta kati ya rafu na rafu. Nikamweleza kwamba sheria ya kupanga haikuwa yangu, hifadhidata huiazima kwa mfumo unaoendesha kompyuta yenyewe. Sheria hiyo ilikuwa inavipita vistari kama havipo na kutazama tarakimu kwanza. Kwa macho ya sheria hiyo 2-10 ni mbili, moja, sifuri. 21-04 ni mbili, moja, sifuri, nne. Kwa hiyo zinakaa jirani.

"Rafu ya pili na rafu ya ishirini na moja ziko pande mbili za chumba!" Baba akafoka.

"Hakuna anayeziona, Baba. Mradi anayepanga na anayetafuta wanafuata sheria moja, kanda inapatikana."

"Na siku sheria ikibadilika?"

"Nani aibadilishe?" nikasema, nikacheka. Yeye hakucheka. Aliniachia ile orodha kwa shingo upande, na tangu siku hiyo kila nikimchapishia kitu alianza kwa kuhesabu kanda za rafu ya ishirini na kitu zilizodandia rafu yake ya pili.

Nilimkuta barazani, shati limepigwa pasi, amevaa viatu. Alikuwa tayari kwenda kusikiliza. Nikataka ardhi inimeze.

"Baba," nikasema, "kanda haipo. Nimetafuta siku nne. Nisamehe."

Alinyoosha mkono nikampa karatasi. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja tu: 2-01, Salamu za ufunguzi wa jengo.

"Nyingine ziko wapi?"

"Ndiyo hiyo tu. Mashine inasema rafu ya pili ina kanda moja."

"Rafu ya pili ilikuwa na kanda themanini na tatu. Nimezipangusa vumbi kwa mikono hii. Nyingine mmezila?"

"Pengine wakati wa kuhamisha..."

"Ngoja." Aliisogeza karatasi karibu na macho, kisha mbali. Alikuwa anatafuta kitu kilichozoea kumuudhi na leo hakioni. "Mbona hamna za rafu ya ishirini humu? Orodha zako zote zinanichanganyia rafu. Nikiomba ya pili, naletewa na ya ishirini, na ya ishirini na moja, na ndugu zao wote. Leo hakuna hata moja iliyodandia."

"Leo imetoa ya rafu ya pili peke yake."

"Kwani mashine yako siku hizi inakisoma kistari?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wiki tatu zilizopita, Jumapili moja tulivu, nilikuwa nimesasisha mfumo unaoendesha seva, ile kompyuta yenye hifadhidata. Kila kitu kiliwaka vizuri. Nilijipongeza, nikaenda kula.

"Baba," nikasema, "sheria imebadilika."

"Nani kaibadilisha?"

"Mimi."

Nilifika ofisini saa tano na nusu. Sikuigusa faharasa, yaani ule mti. Niliiamuru mashine iuache kabisa, isome jedwali lenyewe, orodha kamili ambayo mti huielekeza tu, ukurasa kwa ukurasa, toka wa kwanza hadi wa mwisho, kama mtu anayepekua nyumba nzima chumba kwa chumba. Ni kazi ya polepole na hakuna mtu mwenye akili anayeifanya kila siku. Dakika nne nilikaa nikitafuna kucha. Mama Lebo akaja kusimama nyuma yangu.

Ikatoka mistari miwili. Wa pili ulikuwa wake: 2-14, Haipo. Wa kwanza ulikuwa wa Baba: 2-14, Jaribio la mashine mpya. Sauti: opereta wa simu. Mbele yake kulikuwa na ule mlolongo mrefu wa tarakimu. Nikautafuta kwenye orodha ya yatima. Ulikuwemo, wa mia nane na sita.

"Ipo," Mama Lebo akanong'ona. "Sasa kwa nini haikuonekana?"

Nikachukua kalamu, maana ningesema kwa mdomo tu ningelia. Nikamwandikia nambari moja, 21-22, iliyokuwa kwenye ukurasa wa kati ikielekeza njia.

"Kwa sheria ya zamani, kistari hakihesabiki. 2-14 ni mbili, moja, nne. Hii ya njiani ni mbili, moja, mbili, mbili. Ipi kubwa?"

"Ya kwetu. Nne imeshinda mbili."

"Kwa hiyo ililazwa kulia, miaka ishirini iliyopita. Sheria mpya inakihesabu kistari, na inakiweka mbele ya tarakimu yoyote. Sasa baada ya mbili, moja ina kistari na nyingine ina moja. Kistari kinatangulia. Kwa hiyo 2-14 imekuwa ndogo, na mashine inaitafuta wapi?"

"Kushoto."

"Inashuka kushoto, inafika kwenye jani, inaangalia, haioni. Haiwezi kujua kwamba jirani wa kulia anayo. Inajibu hakuna, na inajibu kwa kujiamini."

"Na ndiyo maana ilinipokea nilipoandikisha upya," Mama Lebo akasema taratibu. "Ilitafuta kushoto, ikaona nafasi wazi." Akashika kiuno. "Jamani, na nyingine nilizoandikisha?"

Meneja nilimkuta anafunga kamba za viatu. Ni mtu mwema, lakini maneno ya kompyuta humpandisha presha.

"Simamisha usafishaji," nikamwambia. "Wale si yatima. Wengi wana wenyewe."

"Kwa hiyo mashine imekosea."

Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Alikuwa amenifungulia mlango, nilichotakiwa ni kupita.

"Hapana. Mashine inatii sheria iliyopewa. Nilibadilisha mfumo, sheria ya kupanga ikabadilika chini yake, na sikuupanga mti upya. Nilipaswa kuujua huo mtego. Baba aliniuliza miaka ishirini iliyopita, nikamcheka."

Alinitazama, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

"Vipindi vya jioni vinaanza kuingia saa tisa. Nikikupa mpaka saa nane unanipa nafasi kwenye diski?"

"Nitakupa yatima wa kweli. Wachache, lakini wa kweli."

"Na hilo la kosa lako utaliandika kwa mkono wako."

"Nitaliandika."

Tukaanza. Niliagiza mti ujengwe upya toka mwanzo: nambari zote zikusanywe, zipangwe kwa sheria mpya, majani yajazwe na kurasa za juu zifuate. Ukagoma. Uliposogeza nambari zikae zinapostahili, zile zilizoandikishwa mara mbili zilikutana uso kwa uso kwa mara ya kwanza, na amri ya kutokubali pacha ikaamka. Zilikuwa jozi ishirini na sita. Mama Lebo aliketi kando yangu akazipitia zote. Kila mstari wake aliutambua kwa maneno yake mwenyewe, na kila alipoufuta alisema "samahani" kwa sauti ya chini. Sikujua alikuwa anamwomba nani. Alipofikia lile neno Haipo aliniachia mimi nilifute.

Saa saba na dakika kumi mti ukakubali. Nikaandika 2-14, nikabonyeza. Kurasa tatu, mstari mmoja. Nikarudia mara tano, bila sababu yoyote ya kitaalamu.

Programu ya kusafisha ilipopita tena, yatima walikuwa mia mbili na wanne. Nilifungua kadhaa kwa bahati nasibu. Zilikuwa kelele tupu na mwanzo wa kanda zilizorudiwa. Saa nane kamili yatima wote wakafutwa, na meneja akapata nafasi yake, si haba. Yule mtoto wa kwaya anayechelewa nusu pigo naye alikuwa amepata mwenyewe: rafu ya kumi na tano, kistari, sifuri sita.

Nilimpigia Baba simu, akafika saa tisa. Mlinzi wa getini wa sasa hamjui, lakini nilisikia akipokewa na Mama Lebo mlangoni kwa vifijo kama bwana harusi. Aliingia chumba cha seva akatazama huku na huku. Chumba ndicho kile kile kilichokuwa na rafu zake. Kwenye sakafu bado kuna alama nne nne za miguu ya kila rafu, na alipokwenda kuketi alizizunguka, hakuzikanyaga. Kabla ya kitu chochote nikampa karatasi niliyokuwa nimeichapisha, mfuatano mpya wa rafu ya pili.

Akaisoma toka juu. 2-01, 2-02, 2-03. Kidole kilishuka polepole. 2-10, kisha 2-11. Hapo kikasimama kidogo, kikaendelea. Hadi 2-83 hakukuwa na mgeni hata mmoja, na rafu ya ishirini ilianza kwenye karatasi yake yenyewe.

"Imechukua miaka ishirini," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ukuta umesimama."

"Umesimama. Ndiyo maana tulimpoteza Mama wiki hizi tatu."

Akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa shati. "Haya, weka."

Nilikuwa nimeandaa vifaa vya masikioni, lakini nilivisukuma kando nikafungulia spika. Mama Lebo alijidai anatoka. Nikamwambia abaki.

Kwanza kulikuwa na mvumo wa mashine, halafu kiti kikakwaruza sakafu. Kisha Mama akacheka. Hakusema kitu, alicheka tu, kicheko cha mtu anayeambiwa akae sawa wakati ameshakaa sawa. Nilimjua. Yule aliyekuwa akiniita kutoka jikoni kwa sauti yangu mwenyewe alirudi na sauti yake, nyembamba kidogo kuliko nilivyodhani, yenye haraka, ya msichana mwenye miaka ishirini na mbili. Mimi nina arobaini na nne.

"Nisome nini?" akauliza.

"Soma hizo lebo." Hiyo ilikuwa sauti ya Baba, nzito na yenye aibu.

"Zote? Haya. Mbili kumi na moja. Mbili kumi na mbili. Mbili kumi na tatu. Mbili kumi na nne, hii bado haina kitu..."

Baba wa leo, mwenye miaka themanini, aliinamia spika. Alijua wakati wake barabara, na alisema kwa sauti, sambamba na kijana yule wa kwenye kanda:

"Umeruka kistari."

"Kwani kistari nacho kinasomwa?" Mama akauliza.

"Kinasomwa," wakasema wote wawili.

"Haya basi, Mzee Kistari. Mbili, kistari, kumi na nne. Umeridhika?"

Kanda ikavuma kidogo, ikakatika. Baba alitoa leso, akafuta miwani yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaivaa.

"Yeye ndiye aliyeniita hivyo wa kwanza," akasema. "Wengine wote waliiga."

Alikuwa ameomba mara moja tu. Sikumkumbusha. Niliandika tena ile nambari, na kistari chake, nikabonyeza.